Kopo Liliondoka na Chuma Chake

Tumchukue mtoto mmoja wa kike wa Moshi. Alizaliwa kwa wakati wake, kilo 3.1, lakini mama yake aliugua sana baada ya kujifungua, maziwa yakakauka, na tangu mwezi wa pili mtoto akalelewa kwa maziwa ya kopo. Alikua vizuri. Kila mwezi akipimwa kliniki, nukta kwenye kadi yake ilipanda ndani ya eneo la kijani. Alipotimiza miezi kumi, mama yake alirudi kazini mjini, na mtoto akapelekwa Machame kwa bibi yake mzaa baba, ambako kuna ng'ombe wa maziwa bandani, pembeni ya migomba.

Kopo la gramu 400 likikorogwa kwa vipimo vyake hutoa lita tatu hivi za maziwa. Mtoto huyu alilimaliza kwa siku nne. Bibi alipopiga hesabu ya makopo ya mwezi mzima, alimwambia mkwewe, "Mwanangu, ng'ombe yupo bandani, nasi tunanunua maziwa ya unga dukani? Wanangu wote watano wamekunywa maziwa haya haya." Mama hakuwa na neno la kumjibu mkubwa wake, na mshahara wake nao haukuwa na neno. Siku hiyo hiyo kopo likaachwa.

Bibi hakufanya mambo ovyo. Maziwa aliyachemsha mpaka yakapanda juu ya sufuria, hakuyatia maji, na chupa aliiosha kwa maji ya moto. Kuchemsha huko kulimkinga mjukuu wake na kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela, magonjwa ambayo hupita kwenye maziwa mabichi. Kwa upande wa usafi, hana la kulaumiwa.

Mtoto aliyapenda maziwa. Alikunywa chupa alfajiri, chupa saa nne, chupa baada ya mchana, chupa jioni, na nyingine usiku kila alipolia. Chupa ilikuwa ya mililita 240. Chupa tano kwa siku ni lita moja na robo kasoro kidogo. Chakula alikuwa akipewa, uji wa mahindi na ndizi za kupondwa, ila alionja vijiko viwili akafunga mdomo. Bibi hakuhangaika, kwa kuwa mtoto alikuwa mnene na mashavu yamejaa. "Maziwa ndiyo chakula cha mtoto," alisema, akampa chupa.

Miezi ilipita. Alipofika mwaka na miezi mitatu alianza kuokota udongo chini ya migomba na kuula. Walimchapa mkono, akarudia. Choo chake kikawa kigumu, anapata mara moja kwa siku mbili au tatu. Alijifunza kutembea, lakini baada ya hatua chache aliketi, na mchana alilala kuliko wenzake. Alikuwa analialia bila sababu ya kueleweka. Kliniki alipimwa uzito, nukta ikaangukia kijani kama kawaida, wakaambiwa anaendelea vizuri.

Aliyeshtuka ni shangazi yake, aliyekuja kusalimia kutoka Arusha na mwanawe wa umri ule ule. Watoto wale wawili walikuwa wamekaa mkekani, viganja wazi. Kiganja cha mmoja kilikuwa chekundu, cha mwingine kimepauka kama karatasi. Shangazi alivuta kope la chini la mtoto, akakuta ndani kweupe. Kesho yake walikuwa hospitali.

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano, kilo 11. Damu yake ilisoma gramu 6.4 za himoglobini kwa desilita. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024, mtoto wa miezi 6 hadi 23 huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya 10.5, na upungufu mkali akiwa chini ya 7. Huyu alikuwa na upungufu mkali, na bado alikuwa mnene.

Daktari hakukimbilia jibu. Alipima malaria, hakuikuta. Alipima selimundu, hakuna. Alipima choo, minyoo haikuonekana. Chini ya hadubini chembe nyekundu zilikuwa ndogo na zimepauka, sura ya damu iliyokosa madini ya chuma. Kisha akauliza swali ambalo lilifungua kila kitu: "Bibi, kwa siku anakunywa chupa ngapi?" Bibi alihesabu kwa vidole, akafika cha tano.

Hapa ndipo penye funzo, nalo ni rahisi kulikosea. Wengi wakisikia kisa hiki husema maziwa ya ng'ombe ni mabaya kwa watoto. Si kweli. Ni chakula kizuri chenye protini, mafuta na kalisi. Kasoro yake ni moja mahususi: karibu hayana chuma. Lita nzima ina takriban nusu miligramu, na mwili wa mtoto hunyonya sehemu ndogo tu ya hiyo. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kama miligramu 7 kwa siku. Kwa hiyo zile chupa tano za Machame zilimletea miligramu 0.6.

Maziwa ya kopo ni tofauti kwa sababu kiwandani hutiwa chuma. Kiasi hutegemea aina, na kimeandikwa ubavuni mwa kopo. Aina nyingi zina kati ya miligramu 4 na 12 kwa kila lita iliyokorogwa. Miezi yote ambayo mtoto huyu alikuwa bado hajazoea mboga na nyama, kopo lilikuwa likimlipia deni hilo kimyakimya. Akiba aliyozaliwa nayo, ambayo kwa mtoto aliyetimiza miezi yake hudumu takriban nusu mwaka, ilikuwa imekwisha. Siku kopo lilipoondoka, chuma chake kiliondoka nalo, na hakuna aliyekiweka kingine mahali pake.

Maziwa yenyewe yakazidisha hasara kwa njia tatu. Ya kwanza ni tumbo kujaa. Lita moja na robo ya maziwa kamili inampa mtoto karibu kalori 780, na mtoto wa umri huo anahitaji kama 900 kwa siku nzima. Nafasi iliyobaki ni ya vijiko viwili vya uji, na ndivyo alivyokula. Hakuwa mtoto msumbufu wa chakula, alikuwa ameshiba. Ya pili ni kwamba kalisi na protini ya maziwa hupunguza unyonyaji wa chuma kilichomo kwenye nafaka, maharage na mboga. Ya tatu huwahusu zaidi watoto ambao hawajatimiza mwaka: utumbo wao mchanga ukipewa maziwa ya ng'ombe kwa wingi unaweza kuvuja damu kidogo kidogo, isiyoonekana kwa macho, na kila tone linatoka na chuma. Huyu alianza akiwa na miezi kumi, kwa chupa tano.

Kuhusu kadi ya kliniki, haikusema uongo. Uzito hupima kalori, na kalori alikuwa nazo tele. Chuma hakionekani kwenye mizani. Kinaonekana kwenye kiganja, ndani ya kope la chini na kwenye ulimi, na huonekana vizuri zaidi ukimlinganisha mtoto na mwenzake mwenye afya, kwenye mwanga wa mchana. Kula udongo, kutafuna barafu, uchovu, kununa kusikoisha na moyo kwenda mbio ni dalili za kumpeleka apimwe damu, hata kama mashavu yamejaa. Tena mtoto aliyekosa chuma hupoteza hamu ya kula, naye akikosa hamu hutulizwa kwa maziwa, na mzunguko unajifunga. Kungoja mpaka "akue aache" ni hatari, maana chuma hakijengi damu peke yake. Kinajenga pia ubongo, na miaka miwili ya kwanza ndiyo ubongo hukimbia kuliko wakati wowote.

Mtoto hakuongezewa damu. Alikuwa anapumua sawasawa, moyo haukuonyesha kuelemewa, na damu iliyopungua taratibu kwa miezi mwili huizoea kwa kiasi. Alianzishiwa dawa ya maji ya chuma kwa kipimo cha miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 33, mara moja kwa siku. Dawa hizi hutofautiana ukali kutoka chupa hadi chupa, kwa hiyo mfamasia aliweka alama kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, akamwonyesha mama: hapa, si juu ya hapa. Ilitolewa saa nne asubuhi kwa maji ya chungwa, mbali na maziwa. Waliambiwa kinyesi kitakuwa cheusi na wasiogope, na kwamba chupa ya dawa ikae juu kabisa, pasipofikika, kwa sababu mtoto akiinywa yote inaweza kumuua.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa ya maziwa. Yalishushwa hadi vikombe viwili vya mililita 200, kimoja asubuhi baada ya kula na kimoja jioni baada ya kula. Chupa ya kunyonyea iliwekwa kando kabisa, na usiku akapewa maji. Siku mbili za mwanzo alilia sana na bibi alitaka kurudisha chupa. Siku ya tatu njaa ilifanya kazi yake: alikula kibakuli kizima cha mtori uliosagwa pamoja na nyama. Bibi akasema jambo ambalo daktari hakulijua: wanawe watano walikuwa wakinyonya kwake mpaka mwaka wa pili, wakila mtori kila siku, na maziwa ya ng'ombe yalikuwa kikombe kimoja cha jioni. Maziwa yalikuwa yale yale. Vilivyokuwa pembeni ya maziwa ndivyo vilivyobadilika.

Udongo aliuacha kabla ya mwezi kwisha. Baada ya wiki nne damu ilisoma 8.6, na baada ya miezi mitatu 11.4. Hata hapo dawa haikusimamishwa mara moja. Aliendelea nayo miezi mingine miwili ili akiba ijae, kwa kuwa damu kurudi na akiba kurudi ni mambo mawili. Kama baada ya wiki nne namba isingepanda walau kwa gramu moja, daktari angeuliza upya: je, dawa inatolewa kweli, maziwa yamepungua kweli, au kuna damu inayopotea mahali pengine?

Sasa tuone jinsi ambavyo mabadiliko haya yangefanywa tangu mwanzo, kwa ng'ombe yule yule na mshahara ule ule.

Chakula kingetangulia. Kuanzia miezi sita mtoto huanza kula, na kila siku mlo mmoja au miwili unapaswa kuwa na kitu chenye chuma: nyama iliyosagwa, maini ya kuku, samaki, dagaa waliosagwa unga, au maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Chuma cha nyama, maini na samaki hunyonywa kwa urahisi. Cha maharage na mchicha ni kigumu kidogo, lakini hulegea kikikutana na tunda lenye vitamini C kwenye mlo huo huo, kama chungwa, papai au pera. Maini yatosha mara moja kwa wiki, maana yana vitamini A nyingi sana. Uji wa mahindi mtupu na ndizi tupu hushibisha bila kulipa deni la chuma. Mtori wenye nyama hulilipa, na ungekuwa umezoeleka kabla kopo halijafikiriwa kuachwa.

Wakati mzuri wa kubadili ni akitimiza mwaka. Kuanzia hapo mtoto mwenye afya anayekula vizuri hahitaji tena maziwa ya kopo, na yale yanayouzwa kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu Shirika la Afya Duniani haliyapendekezi. Maziwa ya kawaida yanatosha. Kama bado ananyonya kwa mama, anyonye hadi miaka miwili na zaidi, na maziwa ya ng'ombe yapungue kwa kadiri hiyo. Aliyezaliwa njiti ana akiba ndogo ya chuma, na mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hawezi kuyatumia. Hao wabadilishiwe kwa ushauri wa daktari.

Na kama fedha zinaisha akiwa na miezi kumi, kama zilivyoisha kwa familia hii? Madaktari wa nchi nyingi husema subiri mwaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unakubali maziwa ya mnyama kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 asiyenyonya kwa mama. Lakini hapo ndipo chuma kinapaswa kupangwa kwa makini zaidi, kwa chakula au kwa dawa ya matone au unga wa virutubishi kutoka kliniki. Bibi angekwenda kliniki kabla ya kuacha kopo, aseme wazi kwamba hawawezi tena kulinunua, angepata mpango. Chini ya miezi sita, maziwa ya ng'ombe hayafai kuwa badala ya kopo. Na kwa umri wowote, kopo lisivutwe kwa kuongeza maji. Huko ni kumnyima mtoto chakula huku chupa ikionekana imejaa.

Kiasi ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Baada ya mwaka, mililita 400 hadi 500 kwa siku zinatosha, yaani vikombe viwili vya wastani, pamoja na yale yanayotiwa kwenye uji na mtindi anaokula. Ikipita mililita 700, maziwa yameanza kula nafasi ya chakula. Yapime mara moja kwa kikombe chenye alama, ujue kikombe cha nyumbani kwako kinabeba kiasi gani, maana mkono wa mlezi mwenye huruma hauna kipimo. Yawe maziwa kamili yasiyotolewa mafuta mpaka atimize miaka miwili, yaliyochemshwa, wala yasitiwe maji.

Kubadili kwenyewe si kugumu. Wapo watoto wanaokubali siku hiyo hiyo. Anayekataa ladha, au ambaye tumbo lake linasumbuka, abadilishiwe kwa wiki moja au mbili: siku tatu za kwanza robo tatu ya kikombe iwe maziwa ya kopo na robo ya ng'ombe, siku tatu zinazofuata nusu kwa nusu, kisha robo kwa robo tatu, kisha ng'ombe peke yake. Angalia kosa moja linalofanyika sana: usitie unga wa kopo ndani ya maziwa ya ng'ombe badala ya maji. Koroga kopo kwa maji kwa vipimo vyake kwanza, ndipo uchanganye na maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Vinginevyo mchanganyiko unakuwa mzito kupita uwezo wa figo za mtoto.

Yafaa mabadiliko haya yaende sambamba na kuacha chupa. Chupa hufuata mtoto kitandani na mgongoni, hunyweka bila mtu kuhesabu, na maziwa yakilala mdomoni usiku huozesha meno. Kikombe hunywewa mezani, kikaisha. Na chai ya maziwa, ambayo nyumba nyingi huwapa watoto asubuhi kwa mkate, iachwe: majani ya chai nayo huzuia chuma kunyonywa, kwa hiyo kikombe hicho kinafunga mlango mara mbili.

Kwa hiyo yeyote anayelishika kopo na kujiuliza kama ni la mwisho, asianze kwa kutazama ng'ombe wala bei. Atazame sahani. Kama mtoto ametimiza mwaka na kila siku anakula nyama, samaki, dagaa au maharage kwa kiasi cha kuonekana, kopo liachwe leo bila hofu, maziwa yawe vikombe viwili baada ya chakula. Kama sahani bado ina uji mtupu, ijazwe kwanza. Na kama kiganja cha mtoto tayari kimepauka, safari ya hospitali isingoje tarehe ya kliniki.